Pesa Zako kwa Wakili: Jinsi ya Kusoma Taarifa ya Akaunti ya Wateja

Mkazi wa Masii anayedai fidia baada ya kugongwa kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui kwa kawaida hapokei hundi moja kwa moja kutoka kwa kampuni ya bima. Malipo hupitia kwa wakili wake. Ndivyo ilivyo pia kwa anayenunua shamba Mwala akamkabidhi wakili amana ya ununuzi, na kwa familia inayofuatilia mirathi ya marehemu baba yao. Kwa siku kadhaa, na wakati mwingine kwa miezi mingi, fedha za mwananchi hukaa katika akaunti ya benki ambayo si yake na ambayo hana uwezo wa kuifungua.

Sheria imeweka ukuta kati ya fedha hizo na fedha za wakili mwenyewe. Kanuni za hesabu za mawakili, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, zinamtaka wakili aliyepokea pesa za mteja aziweke bila kuchelewa katika akaunti ya wateja. Makala haya yanaeleza jinsi mwananchi anavyoweza kukagua kama ukuta huo umesimama, akitumia karatasi ambazo ana haki ya kuziomba. Yanaeleza pia mahali ambapo ukaguzi wake unafika mwisho na kazi inabaki kwa mhasibu, Chama cha Wanasheria wa Kenya (LSK) au mahakama.

Akaunti mbili, mifuko miwili

Ofisi ya wakili inayoshika pesa za watu huwa na angalau akaunti mbili. Ya kwanza ni akaunti ya ofisi. Humo huingia ada ambazo wakili amekwisha kuzitoza, na humo hutoka kodi ya nyumba, mishahara, umeme na mafuta ya gari. Hizo ni fedha zake na anazitumia apendavyo.

Ya pili ni akaunti ya wateja. Jina lake benki lazima liwe na neno CLIENT au TRUST pamoja na jina la wakili au kampuni yake. Hicho ndicho kitu cha kwanza cha kutazama, na ni rahisi kuliko vyote. Kabla ya kulipa amana ya shamba, mwombe wakili akuandikie jina kamili la akaunti. Baada ya kulipa, soma jina lililochapishwa kwenye stakabadhi ya benki. Kama ni jina la wakili peke yake, au jina la kampuni lisilo na mojawapo ya maneno hayo mawili, basi pesa zako hazijaingia katika akaunti ya wateja, hata kama karani amekuhakikishia hivyo kwa mdomo.

Wanaolipa kwa simu wawe waangalifu zaidi. Ujumbe wa M-Pesa huonyesha jina la aliyepokea. Pesa zilizotumwa kwa namba ya kibinafsi ya wakili au ya karani wake bado ni pesa za mteja, na bado zinapaswa kupelekwa akaunti ya wateja bila kuchelewa. Kwa kuwa ujumbe wa simu hausemi kama zilifika huko, omba risiti ya ofisi inayotaja kiasi, tarehe, kazi ambayo pesa zimetolewa, na akaunti zilikowekwa.

Si kila shilingi anayopewa wakili inastahili kuingia akaunti ya wateja. Ukilipa bili ambayo wakili amekwisha kukuandikia kwa kazi aliyokwisha kuifanya, pesa hizo ni zake na mahali pake ni akaunti ya ofisi. Lakini fidia kutoka kwa bima, amana ya ununuzi wa ardhi, ushuru wa stempu unaosubiri kulipwa kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA), na pesa za mirathi zinazosubiri kugawanywa, zote hizo ni za mteja.

Karatasi mbili tofauti

Wananchi wengi huenda kwa wakili na kudai taarifa ya benki. Hapo hutokea mvutano, kwa sababu akaunti moja ya wateja huwa na pesa za watu wengi. Taarifa nzima ya benki ingeonyesha mambo ya watu wengine, na wakili anawajibika kuzitunza siri zao. Anaweza kukataa kukupa taarifa nzima bila kuwa na lolote analolificha.

Asichoweza kukataa ni kukupa hesabu ya pesa zako. Kanuni zinamtaka awe na vitabu vinavyoonyesha pesa za kila mteja peke yake, si lundo moja la pesa za wote. Ukurasa wa mteja mmoja katika vitabu hivyo huitwa leja ya mteja. Una tarehe, maelezo, kilichoingia, kilichotoka na salio. Omba nakala ya leja yako, pamoja na nakala za hati za benki zinazothibitisha kila mstari ulio katika leja hiyo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkazi wa Masii alivunjika mguu akiwa abiria wa bodaboda, akafungua kesi mjini Machakos, na kampuni ya bima ikakubali kulipa Sh900,000 kwa jumla, yaani fidia na gharama za kesi. Leja yake kwa mwezi wa Juni inasomeka hivi:

5 Juni: zimeingia kutoka kampuni ya bima, Sh900,000. Salio Sh900,000.
7 Juni: zimetoka kwenda akaunti ya ofisi, ada kwa bili ya 6 Juni, Sh150,000. Salio Sh750,000.
19 Juni: zimetoka, malipo kwa mteja, Sh750,000. Salio 0.

Mstari wa kwanza hukaguliwa kwa kuulinganisha na habari kutoka nje ya ofisi ya wakili. Kabla ya kulipa, bima humtaka mdai atie saini hati ya kukubali kiasi cha fidia. Usitie saini hati hiyo bila kubaki na nakala. Kisha waulize bima wenyewe kwa barua: walilipa kiasi gani, tarehe gani, na kwa jina la akaunti gani? Kama bima wanasema walilipa Sh900,000 tarehe 5 Juni na leja inaonyesha Sh700,000, au inaonyesha kiasi sahihi lakini mwezi mmoja baadaye, kuna jambo linalohitaji maelezo. Bima nyingine hulipa kwa awamu, kwa hiyo uliza kuhusu kila malipo, si la mwisho tu.

Mstari wa pili ndio mlango halali kati ya mifuko ile miwili. Wakili anaruhusiwa kuchukua ada yake kutoka pesa za mteja alizo nazo, lakini si kwa kujikatia. Ni lazima kwanza ampe mteja bili au taarifa nyingine ya maandishi ya gharama, na amjulishe kwamba pesa anazomshikia zitatumika kuilipa. Kwa hiyo tazama mambo matatu: kama uliipokea bili, kama tarehe yake inatangulia tarehe ya kuhamisha pesa, na kama kiasi kilichohamishwa ni kile kile kilicho kwenye bili. Katika mfano wetu bili ni ya tarehe 6, pesa zimehamishwa tarehe 7, na kiasi kinalingana. Kama pesa zingetoka tarehe 7 na bili ikaandikwa tarehe 20 baada ya mteja kuuliza, mpangilio huo ungekuwa kosa hata kama ada yenyewe ni ya haki.

Mara nyingine maelezo ya mstari huu husema tu asilimia 30, bila bili yoyote. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili hakiyatambui mapatano ya wakili kulipwa endapo tu kesi itashinda. Asilimia iliyotajwa kwa mdomo siku ya kwanza haichukui nafasi ya bili. Na mteja asiyekubaliana na bili anaweza kuomba ikadiriwe na afisa wa mahakama mwenye kazi hiyo.

Mstari wa tatu ni malipo ya mteja mwenyewe. Hapa tazama pesa zilitoka akaunti ipi. Taarifa ya benki ya mteja, au hati ya uhamisho, huonyesha jina la aliyetuma. Pesa zako zilizoingia akaunti ya wateja zitoke akaunti ya wateja. Zikija kutoka akaunti ya ofisi au akaunti ya kibinafsi ya wakili, huenda zilikwisha kuhamishwa huko mapema, na leja unayoonyeshwa haisemi ukweli wote.

Kulipwa kamili hakuthibitishi kila kitu

Mteja wa Masii amelipwa Sh750,000 zake zote. Leja yake imefika sifuri. Kwa upande wake hana malalamiko. Lakini tuone upande wa pili, kwa kufungua taarifa ya benki ya akaunti hiyo hiyo ya wateja kwa mwezi huo huo.

Ofisi hiyo ya mfano ina wateja wengine wawili. Mmoja ni mnunuzi wa shamba aliyeweka amana ya Sh200,000, ambayo ni asilimia 10 ya bei ya Sh2,000,000, na kikao cha bodi ya udhibiti wa ardhi bado hakijafanyika. Mwingine ni familia iliyoweka Sh80,000 za kulipia gharama za kesi ya mirathi. Mwezi wa Juni hakuna chochote kilicholipwa kwa niaba ya hao wawili. Kwa hiyo mwanzoni mwa Juni akaunti ilikuwa na Sh280,000, na hadi hapo hesabu ni sawa. Taarifa ya benki inaendelea hivi:

5 Juni: zimeingia kutoka bima, Sh900,000. Salio Sh1,180,000.
7 Juni: uhamisho kwenda akaunti ya ofisi, Sh150,000. Salio Sh1,030,000.
12 Juni: kodi ya nyumba ya ofisi, Sh45,000. Salio Sh985,000.
14 Juni: uhamisho kwenda akaunti ya ofisi, hakuna jina la mteja, Sh100,000. Salio Sh885,000.
19 Juni: malipo kwa mteja wa Masii, Sh750,000. Salio Sh135,000.
30 Juni: ada za benki, Sh500. Salio Sh134,500.

Mwisho wa mwezi, leja ya mnunuzi wa shamba inasema anadai Sh200,000. Leja ya familia inasema Sh80,000. Jumla ya kinachodaiwa na wateja ni Sh280,000, na benki kuna Sh134,500. Zimepungua Sh145,500. Ukijumlisha kodi ya nyumba, uhamisho usio na jina na ada za benki, yaani 45,000 na 100,000 na 500, unapata kiasi hicho hicho kamili.

Kati ya tarehe 14 na 19 Juni akaunti ilikuwa na upungufu wa Sh145,000, lakini mteja wa Masii hakuweza kuuona, kwa sababu salio la Sh885,000 lilitosha kumlipa. Alilipwa kamili, na upungufu ukabaki kwa wale wawili ambao hawajadai chochote bado. Siku bodi ya ardhi itakapotoa idhini na amana ya Sh200,000 kutakiwa, akaunti haitaweza kuilipa. Wakili huenda akasubiri fidia ya mteja mwingine iingie, alipe kwa hiyo, na pengo lihamie kwa mtu wa nne. Mchezo huo unaweza kuendelea kwa miaka, kila mteja akilipwa kwa pesa za anayemfuata, huku kila leja ikionekana safi ikisomwa peke yake. Huvunjika siku wateja wawili wanapodai pesa kwa wakati mmoja.

Ndiyo sababu kuchelewa bila maelezo ni dalili ya kuchukuliwa kwa uzito. Wakili ambaye pesa za mteja wake zipo katika akaunti ya wateja hana haja ya kusubiri jambo lingine ndipo amlipe. Akisema bima wamelipa lakini tungoje kidogo, swali la kumuuliza ni moja: tunangoja nini, na salio la leja yangu leo ni kiasi gani?

Namba tatu zinazopaswa kukutana

Njia kamili ya kukagua akaunti ya wateja ni kulinganisha namba tatu za siku moja. Namba ya kwanza ni salio la benki. Ya pili ni salio la kitabu cha fedha cha wakili kwa akaunti hiyo, yaani kitabu ambamo kila pesa inayoingia na kutoka huandikwa. Ya tatu ni jumla ya salio la leja za wateja wote.

Namba ya pili na ya tatu zinapaswa kuwa sawa kabisa. Ile ya benki inaweza kutofautiana nazo kwa sababu halali, ambayo kwa kawaida ni hundi iliyokwisha kuandikwa lakini mwenyewe hajaipeleka benki. Kama wakili ameiandikia familia ya mirathi hundi ya Sh30,000 siku ya mwisho wa mwezi, vitabu vitakuwa vimeshaitoa, na benki itaonyesha Sh30,000 zaidi. Tofauti ya namna hiyo hutajwa kwa namba ya hundi na tarehe, na huisha hundi ikilipwa. Tofauti isiyo na hati, au inayobaki ile ile mwezi baada ya mwezi, si ya kungoja benki tena.

Pamoja na namba hizo, mkaguzi hutafuta mambo mawili katika orodha ya leja. La kwanza ni leja yenye salio chini ya sifuri. Kama mteja alileta Sh80,000 na kwa niaba yake zimelipwa Sh95,000, basi Sh15,000 zimetoka kwa pesa za mteja mwingine, hata kama jumla ya akaunti bado ni kubwa. La pili ni pesa zilizozidi. Inaweza kuonekana ni jambo zuri benki kuwa na zaidi ya wanachodai wateja, lakini ziada hiyo mara nyingi ni ada ambazo wakili amekwisha kuzitoza na hajazihamisha. Huo pia ni mchanganyiko. Pesa za wakili zikikaa pamoja na za wateja, upungufu hufunikwa na ziada hiyo na hauonekani mpaka umekuwa mkubwa. Pesa za wakili zinazoruhusiwa humo ni chache, kwa mfano zile za kufungulia akaunti na kuiweka hai, au za kurudisha kilichotolewa kimakosa.

Si kila mstari wenye kasoro ni wizi. Ada za benki za Sh500 katika mfano wetu zilikatwa na benki yenyewe, na dawa yake ni wakili kurudisha Sh500 kutoka akaunti ya ofisi mara anapoziona. Hata kodi ya nyumba inaweza kulipwa kimakosa kwa kitabu cha hundi kisicho chake. Kinachotenganisha kosa na tabia ni kinachofuata. Kosa hurudishwa mara moja, kwa kiasi kile kile, kutoka akaunti ya ofisi, na maelezo yake huandikwa. Tabia hujirudia, huwa katika namba za duara kama Sh100,000 au Sh50,000, haina jina la mteja wala bili, na hukaribiana na mwisho wa mwezi wakati mishahara na kodi zinapolipwa.

Mwananchi anafika wapi, na nani anaendelea

Mteja mmoja hawezi kufanya ulinganisho huo wote, kwa kuwa hana leja za wenzake. Akionyeshwa salio la akaunti nzima kwa siku fulani, anaweza kufanya kipimo kimoja: salio hilo lisiwe chini ya salio la leja yake siku hiyo. Likiwa chini, pesa zake hazipo zote, na hilo halihitaji mhasibu. Lakini likiwa juu haithibitishi usalama, kama ilivyokuwa tarehe 14 Juni katika mfano wetu.

Vikundi vinavyonunua ardhi pamoja viko katika nafasi nzuri kidogo. Mweka hazina wa kikundi anaweza kukubaliana na wakili tangu mwanzo, kwa maandishi, kwamba pesa za kikundi ziwekwe katika akaunti yao pekee ya wateja. Kanuni zinamruhusu wakili kuwa na akaunti zaidi ya moja ya wateja. Kwa kuwa humo hamna pesa za mtu mwingine, taarifa yote ya benki inaweza kutolewa kwa kikundi kila mwezi, na salio la benki linapaswa kulingana na leja yao moja kwa moja.

Kwa akaunti ya pamoja, wanaoweza kuona leja zote ni wachache. Chini ya Sheria ya Mawakili ziko kanuni za cheti cha mhasibu, yaani hati ya mhasibu aliyepitia vitabu vya wakili. Baraza la Chama cha Wanasheria nalo lina uwezo wa kumtaka wakili atoe vitabu na taarifa za benki zikaguliwe, kwa hiari yake au kutokana na malalamiko ya maandishi.

Mwananchi ambaye maswali yake hayajibiwi ana hatua za kufuata. Ya kwanza ni barua kwa wakili, yenye tarehe, ikiomba leja, nakala za hati za benki na bili zote. Abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu hatua zote zinazofuata zitaanzia kwenye karatasi hiyo.

Ya pili ni Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyoundwa chini ya kifungu cha 53 cha sheria hiyo na iliyo chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Malalamiko mazito hufika mbele ya Mahakama ya Nidhamu ya Mawakili. Chini ya kifungu cha 60 inaweza kumwonya wakili, kumsimamisha kazi kwa muda usiozidi miaka 5, kumfuta katika orodha ya mawakili, kumtoza faini isiyozidi Sh1,000,000, au kumwamuru amlipe aliyeumia fidia isiyozidi Sh5,000,000. Kifungu cha 80 kinalifanya kuwa kosa la jinai wakili aliyekabidhiwa pesa kwa kazi maalumu kukataa kuzilipa au kuzitolea hesabu baada ya kazi hiyo kukamilika, ingawa mashtaka chini ya kifungu hicho husubiri kwanza taarifa ya mahakama hiyo ya nidhamu kwa Mwanasheria Mkuu.

Ya tatu ni mahakama ya kawaida. Agizo la 52, kanuni ya 4, la Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai linamwezesha mteja, au msimamizi wa mirathi ya mteja aliyefariki, kuomba mahakama imwamuru wakili atoe hesabu ya fedha, atoe orodha ya pesa zote anazoshika kwa niaba yake, azilipe, au aziweke mahakamani. Wakili akidai kwamba anazizuia kwa sababu hajalipwa ada, mahakama inaweza kuagiza bili yake ikadiriwe, ili ijulikane ni kiasi gani hasa chake na ni kiasi gani cha mteja.

Serikali ya kaunti haina mamlaka juu ya mawakili, na ofisi za wadi haziwezi kumlazimisha wakili kufungua vitabu vyake. Mkazi anayekwenda kwa mojawapo ya vyombo hivi abebe barua ya ombi iliyogongwa muhuri, stakabadhi ya benki yenye jina la akaunti, hati ya bima au mkataba wa shamba, bili alizopokea, na leja kama alipewa. Kama hakupewa leja, aseme hivyo katika mstari wa kwanza wa malalamiko yake na ataje tarehe aliyoiomba.